Hotuba mbili kwa majirani wa saiti

Hotuba yangu ya kwanza kwa majirani wa saiti ya ujenzi ilikuwa na kurasa nne, na nilizomewa nikiwa ukurasa wa pili. Ilikuwa Jumamosi asubuhi nje ya ofisi ya serikali ya mtaa, Kinondoni, viti vya plastiki vya kukodi vimepangwa chini ya mwembe, spika moja inakoroma. Mimi ndiye niliyekuwa nashughulikia mazingira na usalama upande wa mkandarasi, na nilikuwa nimeandika hotuba ile usiku kucha kwa kunakili maneno ya ripoti ya tathmini ya mazingira. Nikasoma: "Kero za kelele, vumbi na msongamano wa magari zitadhibitiwa kwa kuzingatia viwango vinavyokubalika."

Mzee mmoja mwenye baraghashia, mstari wa mbele, akanyoosha mkono. "Mwanangu, vinavyokubalika na nani?"

Watu wakacheka. Mimi nikajibu kwa kutaja desibeli, kipimo cha ukali wa sauti. Hapo ndipo mkutano ulipoisha, ingawa nilisimama pale dakika 40 zaidi.

Kosa kubwa lakini halikuwa desibeli. Lilikuwa sentensi moja fupi niliyoiongeza papo hapo, nje ya karatasi, ili nishangiliwe: "Na niwahakikishie, hapatakuwa na kazi usiku." Wakanipigia makofi. Wiki sita baadaye tukamwaga jamvi la kwanza, yaani sakafu ya zege ya ghorofa. Pampu ya zege ikaharibika saa 9 alasiri jamvi likiwa nusu, fundi wa pampu akafika saa 12 jioni, na tukamaliza saa 5 usiku taa zikiwaka kama uwanja wa mpira. Asubuhi yake mwenyekiti wa mtaa alikuwa getini na watu wapatao ishirini, na yule mzee wa baraghashia alikuwa wa kwanza. Hakuniuliza kuhusu pampu. Aliuliza kwa nini niliwaambia uongo mbele ya wajukuu zake.

Ningeweza kumweleza kwamba zege halisubiri. Ukikatisha jamvi katikati bila kupanga pa kukatishia, zege la jana na la leo halishikani vizuri, na ule mstari unabaki udhaifu ndani ya jengo, njia ya maji kupenya na mahali pa ufa kuanzia. Kila fundi analijua hilo. Nami nililijua siku ile nikiwa nimeshika maikrofoni.

Miaka miwili baadaye nikapewa saiti nyingine, mtaa mwingine, barabara nyembamba ambayo gari mbili ndogo zikikutana moja lazima ipande ukingo. Jengo lenyewe: ghorofa 7 juu ya ile ya chini, na chini ya ardhi maegesho ya magari, kwenye kiwanja kilichokuwa na nyumba ya zamani ya kuvunjwa. Safari hii sikuanza kuandika. Kwanza nilikwenda kwa mhandisi wa saiti na kalamu, nikamwomba anipe ratiba ya kazi wiki kwa wiki. Kisha nikapita nyumba kwa nyumba mchana, nikiangalia nani yupo nyumbani saa ngapi. Mama mmoja alikuwa anakaanga vitumbua barazani tangu alfajiri, hatua kumi na mbili kutoka ukuta wetu. Nyumba ya nyuma ilikuwa na bibi aliyelala kitandani kwa kiharusi. Mtaa wa pili kulikuwa na shule ya msingi, na watoto wake walikatisha hapo hapo kwenye geti letu.

Hotuba ya pili ilianza hivi, na nakala ninayo mpaka leo, ina doa la chai:

"Mheshimiwa mwenyekiti, mtendaji wetu, wajumbe, baba zangu na mama zangu, shikamooni. Nimekuja kuwaambia mambo mabaya. Mazuri ya jengo mtaambiwa na mwenye jengo. Mimi nitasema kelele zitatoka wapi na wiki gani, vumbi litakwenda kwa nani, na malori mangapi yatapita hapa kwa siku. Nikimaliza, kila mmoja ajue yeye mwenyewe kitakachomfika."

Kwa upande wa kelele nilikuwa nimepanga jambo. Nilimwacha fundi chuma mmoja saiti, na grenda na kipande cha nondo. Mkutano ulikuwa hatua kama arobaini kutoka hapo. Nilipofika aya ya kelele nikampigia simu: "Kata." Grenda ikalia. Nikaendelea kusoma kwa sauti ile ile, na nikaona watu wa nyuma wanaegemea mbele, mikono masikioni, wanajaribu kunisikia. Nikamwambia asimamishe. Kisha nikasema:

"Hiyo ni mashine moja, na mko mbali nayo. Mnaokaa nyumba inayopakana na ukuta mtaisikia kwa ukali zaidi, hamtaweza kuongea na simu ndani ya chumba cha upande huo. Kila umbali unapoongezeka mara mbili, kelele inashuka kwa desibeli 6 hivi kama hakuna kuta za kuirudisha. Hapa kuna kuta, kwa hiyo itashuka kwa kiasi pungufu ya hicho. Nyumba ya tano mtaisikia, lakini mtaongea."

Hesabu hiyo ya 6 niliibakiza kwa sababu watu wanaweza kuifanya wenyewe kwa miguu. Mashine ikipima 85 ukiwa mita 10, mita 20 utapata kama 79, na mita 40 kama 73. Mazungumzo ya kawaida ya watu wawili waliokaa jirani ni kama 60. Kijana mmoja alishaipima ile grenda kwa simu yake wakati mimi nasoma, akasoma namba yake kwa sauti, ikawa karibu na yangu. Simu si kipimo cha kupeleka mahakamani, lakini kuanzia hapo hakuna aliyeniona naficha.

Kisha ikaja ratiba, na hii ndiyo sehemu ambayo ningependa mtu mwingine yeyote anayeandika hotuba ya namna hii aitazame. Watu hawakai na "kelele za ujenzi". Wanakaa na drili la kupasulia zege kwa wiki tatu, halafu kijiko cha kuchimbia na malori wiki mbili, halafu mashine ya kuchimba mashimo ya nguzo za ardhini, halafu vaibreta za kushindilia zege na pampu siku moja moja, halafu grenda za marumaru kwa miezi. Kila moja ina sauti yake na mwisho wake. Nikasoma: "Wiki tatu za kwanza ni mbaya kuliko zote. Tunavunja sakafu ya nyumba ya zamani. Drili litafanya kazi kuanzia saa 3 asubuhi mpaka saa 6 mchana, lipumzike, lirudi saa 8 mpaka saa 10 jioni." Mama wa vitumbua akauliza kama mchana kutakuwa kimya kweli. Nikamjibu kwamba drili litanyamaza ila nyundo hazitanyamaza. Akaguna. Lakini akaandika saa zile kwenye kiganja kwa peni, nilimwona.

Kuna jambo moja la kelele ambalo mara ya kwanza sikulijua na mara ya pili nililisema. Uzio wa mabati unasaidia pale tu unapoziba mashine usiione. Ukikaa chumbani na huioni, inapungua kiasi cha kusikika tofauti. Jengo likishapanda juu ya uzio, uzio hauna kazi tena kwa mashine zilizo juu. Mtu wa chini aliyekuwa amestarehe mwezi wa pili anaanza kulalamika mwezi wa tano, na msimamizi wa saiti anadhani ni mkorofi. Si mkorofi. Kelele imepanda na jengo, sasa inamwagikia uani kwake kutoka ghorofa ya tatu. Tuliwaambia mapema, na tukaahidi kwamba kukata nondo na mbao kutabaki chini, nyuma ya mabati, hata kama mafundi wangependa kukatia juu kule kule. Mafundi hawakupenda. Ilibidi niwanyang'anye grenda mbili.

Habari ya usiku niliiandika mara tano kabla ya kuridhika:

"Kuna siku tutachelewa usiku. Sisemi huenda. Jengo hili lina jamvi 9 za kumwaga, moja kila wiki tatu hivi. Jamvi moja ni mita za ujazo kama 120 za zege pamoja na mihimili yake. Tukianza saa 1 asubuhi na mambo yakienda sawa tunamaliza kumwaga alasiri, halafu mafundi wa kusawazisha wanabaki mpaka zege likaze kiasi cha kukanyagika. Pampu ikiharibika au magari yakikwama foleni, tutafika usiku, na hatutasimama kwa sababu jamvi lililokatishwa ovyo ni hatari kwa watakaokaa humo na kwenu mnaokaa jirani. Siku hizo 9 nitawatumia ujumbe siku mbili kabla. Siku nyingine yoyote mkisikia mashine baada ya saa 12 jioni, hilo ni kosa letu, nipigieni."

Hakuna aliyepiga makofi. Yupo aliyesema "Angalau." Nililichukua lile neno kama shukrani.

Kwenye vumbi nilianza na upepo. Kazi ya kuchimba ilikuwa ianze Julai, na mtu wa Dar es Salaam hahitaji kufundishwa kwamba Julai ni kusi. Upepo unatoka kusini na kusini mashariki, kwa hiyo vumbi la shimo letu lingekwenda kwa nyumba za kaskazini magharibi, nyumba nne hivi na duka la dawa. Nikazitaja moja moja kwa rangi ya geti. Za upande wa pili nikaziambia zisubiri: kaskazi ikiingia Desemba, sisi tutakuwa kwenye tofali na plasta, na zamu itakuwa yao. Watu walipenda kujua zamu zao. Mama mmoja wa upande wa kaskazini aliuliza kama ahamishe kamba ya kuanikia nguo. Nikamwambia ndiyo, mpaka mwisho wa mwezi wa nane, na wala sikumwongezea ahadi ya kunyunyiza maji.

Maana maji tulikuwa tunayaelewa vibaya. Kwenye saiti ya kwanza boza lilikuja mara moja kila siku asubuhi, likamwaga lita zote kwa mkupuo, likaondoka. Saa 5 jua lilishakausha juu, na chini palikuwa matope. Malori yakakanyaga matope, yakayatoa barabarani kwa matairi, yakakauka huko, na kesho yake kila bodaboda iliyopita ilirusha vumbi letu mita 200 kutoka kwetu. Tulikuwa tumelisafirisha vumbi kwa gharama ya boza. Utalijua tatizo hili kwa kuangalia barabara nje ya geti saa 2 asubuhi kabla lori la kwanza halijaingia: ukiona michirizi miwili ya rangi ya udongo wa ndani, vumbi la mchana mnalitengeneza wenyewe.

Mara ya pili tulinyunyiza kidogo kidogo kwa mpira, pale kijiko kinapochota na pale kinapomwagia kwenye lori, kwa sababu vumbi linaruka udongo unapoanguka. Getini tukamwaga kokoto nene urefu wa lori zima ili matairi yajipukutishe, na vijana wawili wakakaa hapo na mpira wa maji na fagio. Turubai lilifungwa kabla lori halijatoka getini. Na barabara iliroweshwa kwanza ndipo ikafagiwa. Kufagia pakavu ni kulihamisha vumbi kutoka chini kwenda kwenye vitumbua.

Kisha nikasema jambo lililowashangaza: udongo si vumbi baya kuliko yote. Udongo unaonekana, unatua haraka, unaufuta. Vumbi la kukata marumaru na tofali kavu kwa grenda, na la kupiga msasa kuta zilizopakwa puti, ni jembamba mno, linaelea muda mrefu, na lile la marumaru na zege lina chembe za mchanga wa silika ambazo mapafu hayana njia nzuri ya kuzitoa. Fundi anayelivuta kila siku ndiye yuko hatarini zaidi, lakini jirani mwenye pumu atalijua pia. Nalo linakuja mwishoni, miezi mingi baada ya malori kuondoka, watu wakidhani kero imekwisha. Tulikubaliana kwamba marumaru zitakatwa kwa mashine yenye maji, na kwamba madirisha ya upande wa bibi mgonjwa yatafungwa nailoni kwa gharama yetu kabla ya kazi hiyo kuanza. Mjukuu wake aliniomba nimwandikie. Nikaandika, nikasaini, mwenyekiti akagonga muhuri.

Sehemu ya malori ndiyo iliyowachukua muda mrefu kuliko zote, na nadhani ndiyo niliyoifanya vizuri, kwa hiyo nisamehewe nikirefusha.

Shimo la maegesho lilikuwa mita 25 kwa 20, kina mita 4. Hiyo ni mita za ujazo 2,000 ardhini. Udongo ukichimbwa unavimba, kwa ule wetu tulikadiria robo, kwa hiyo wa kubeba ni 2,500. Tipa letu lilibeba 15. Ukigawa unapata safari 167, nikaandika 170. Kwa siku 10 za kazi ni safari 17 kwa siku. Hapo wasimamizi wengi huishia, "malori 17 tu kwa siku". Lakini jirani haoni safari, anaona lori likipita, na kila safari ni kupita mara mbili: tupu likija, limejaa likitoka. Ni mara 34. Na kwa kuwa tuliamua malori yasitembee kabla ya saa 3 asubuhi watoto wakiwa wanakwenda shule, wala baada ya saa 10 jioni, mara 34 ziliingia ndani ya saa 7. Nikasoma: "Lori moja litapita mbele ya mlango wako kila dakika 12, kwa siku 10." Kimya kikapita. Mwendesha bodaboda mmoja akapiga mluzi.

Akasimama mwenye duka la dawa. Akasema shida yake si lori linalopita, ni linalosimama. Alikuwa sahihi kuliko karatasi yangu. Siku ya jamvi zege lote lile la mita 120 huja kwa magari ya mita 6, yaani magari 20, na kiwanda hakiyatumi kwa mpangilio wa saa bali kadiri foleni ya jiji inavyoruhusu. Manne yanafika pamoja. Yakijipanga barabarani, ngoma zinazunguka, injini zinanguruma, hakuna mgonjwa anayefika dukani. Na huwezi kuyaambia yakaegeshe mbali sana, kwa sababu katika joto letu zege lililokaa kwenye gari zaidi ya saa moja na nusu au mbili linaanza kukakamaa, isipokuwa limetiwa dawa ya kulichelewesha. Dereva akiona linakakamaa ataongeza maji kwa siri, na hapo umeharibu jamvi.

Pale pale mkutanoni tukapata jibu, na halikutoka kwangu. Yule wa bodaboda akasema kuna uwanja wazi karibu na barabara kuu, dakika tatu kwa gari, ambao jioni hutumika kwa mpira. Tukakubaliana na mwenyekiti: magari yote yasimame kule, mtu wetu awe na simu ya upepo, na liachiwe moja tu wakati lililopo getini limebakiza kumwaga kidogo. Getini mtu wa bendera. Hakuna kurudi nyuma kutoka barabara kuu, kwa sababu lori linalorudi nyuma kwenye njia nyembamba, lenye king'ora kinacholia, linatisha watoto na halioni kilicho nyuma yake. Liingie kwa uso, ligeukie ndani ya kiwanja. Hiyo ilimlazimu mhandisi ahamishe stoo ya saruji. Alininunia wiki nzima.

Swali la nyufa kwenye nyumba za jirani lilikuja, kama linavyokuja kila mara. Nilikuwa nalisubiri. Tulikubaliana kupiga picha kuta za nyumba zote zinazopakana, ndani na nje, mjumbe akiwepo, na rula imewekwa kando ya kila ufa uliopo. Ilichukua siku mbili. Nyumba moja ilikuwa na nyufa nyingi hivi kwamba mwenyewe alishangaa kuziona.

Baada ya hapo kazi ikaanza, na karatasi ile ilibandikwa getini ndani ya nailoni, namba yangu ya simu juu kabisa kwa herufi kubwa. Jamvi la tatu lilitupeleka usiku, kama nilivyosema. Simu zilikuja mbili, zote za kuuliza tutamaliza saa ngapi.

Simu kali kuliko zote ilikuja siku ambayo hakuna mashine hata moja iliyowashwa. Ilikuwa saa 12 kasoro asubuhi, mama wa vitumbua, sauti ya juu: "Baba, njoo usikie hii." Nikasikia kwenye simu: lori la nondo limefika alfajiri kukwepa foleni, na vibarua wanazisukuma chini kutoka juu ya bodi, fito za mita 12, fungu kwa fungu, juu ya sakafu ya zege. Nilikuwa nimeandika mashine zote nilizozijua. Nondo sikuziandika. Nilifika pale nikakuta mjukuu wa yule bibi amesimama katikati ya geti kwa bukta, amelizuia lori la pili kwa mikono miwili, na dereva anamwuliza yeye nani.

Kwenye karatasi ya getini nikaongeza mstari kwa kalamu ya wino: nondo kushushwa baada ya saa 2 asubuhi, juu ya magogo, kwa mikono, bila kudondoshwa.